Hiyo "o" ni ya nani? Kuichambua sentensi moja kwa ngeli

Tuchukue sentensi hii:

Vipofu wawili walioketi mlangoni pa nyumba ile kubwa waliuimba wimbo mrefu uliotufurahisha sote.

Agizo la zoezi tunalijua: bainisha ngeli ya kila nomino, kisha onyesha upatanisho wake wa kisarufi. Nomino ni nne: vipofu, mlangoni, nyumba na wimbo. Mwenye haraka atatazama mwanzo wa kila neno na kuandika: vipofu ni KI-VI kwa sababu ya vi-, mlangoni ni U-I kwa sababu mlango ni kama mti, nyumba ni I-ZI. Akifika kwenye wimbo atasita. Ile w- haifanani na kitu chochote alichokariri, basi atabahatisha. Mpaka hapo amepata moja tu kwa hakika, nayo ni nyumba.

Kosa lake si uvivu. Ametafuta ngeli mahali pasipo sahihi. Nomino yenyewe ni shahidi dhaifu. Mashahidi wa kuaminika ni maneno yanayoizunguka: kitenzi, kivumishi, kiashiria, kiunganifu. Hayo ndiyo yanayobeba alama ya nomino, na kazi ya kuchambua ni kuishika kila alama na kuuliza ni ya nani.

Tuanze na vipofu. Umbo lake ni la KI-VI bila shaka: kipofu, vipofu, sawa na kitabu, vitabu. Lakini hakuna anayesema "vipofu viwili viliketi". Tunasema wawili, tunasema waliketi. Na katika umoja, kipofu mmoja aliketi. Alama tunazoziona kwenye maneno jirani ni wa- na a-, kwa hiyo kwa misingi ya upatanisho kipofu yumo A-WA pamoja na mtu, mwalimu, kuku na simba. Ndivyo ilivyo kwa kiziwi, kiongozi, kifaru, kipepeo na kiboko. Ukiona ki- mbele ya kiumbe mwenye uhai, usiandike chochote kabla hujakisikia kitenzi chake.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipotosha wanapolieleza kwa ufupi. Si kweli kwamba kila kiumbe hai huingia A-WA. Nomino ikiwekwa katika hali ya udogo, hufuata KI-VI hata kama inamtaja kiumbe: kijibwa kile kimetoroka, vijitoto vile vinalia. Ki- ya kijibwa ina kazi ya kudunisha au kudogosha, na sarufi inaiheshimu hadi kwenye kitenzi. Ki- ya kipofu haidogoshi kitu. Hakuna "pofu" la kawaida ambalo kipofu ni udogo wake. Kwa hiyo maneno mawili yenye ki- ile ile, yote ya viumbe hai, yanaweza kupatana kwa njia mbili. Mwanzo wa neno hauwezi kukuambia ni ipi. Kitenzi kinaweza.

Hapo pia ndipo unapopaswa kulisoma swali vizuri. Wapo wanaoainisha ngeli kwa umbo la nomino zenyewe, yaani kimofolojia, na kuzipa majina kama M-WA, M-MI, KI-VI, JI-MA. Wapo wanaoziainisha kwa upatanisho, yaani kisintaksia, kwa majina kama A-WA, U-I, LI-YA, I-ZI. Kwa msingi wa kwanza, vipofu ni KI-VI na jibu ni sahihi kabisa. Kwa msingi wa pili ni A-WA. Ukiona ngeli zimetajwa kwa namba, huo ni utaratibu wa wanaisimu wa Kibantu ulioanza na Wilhelm Bleek katika karne ya 19 na kuendelezwa na Carl Meinhof. Ukiufuata katika Kiswahili utaruka kutoka 11 hadi 14, kwa sababu ngeli za 12 na 13, za ka- na tu-, hazimo katika Kiswahili sanifu. Katika makala haya nafuata upatanisho, maana ndio mazoezi mengi yanaoulizia.

Neno wawili halihitaji maelezo marefu: wa- ni alama ya vipofu, -wili ni mzizi wa idadi. Ila kumbuka kwamba si kila idadi inazungumza. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hubeba alama ya ngeli. Sita, saba, tisa na kumi hazibebi. Sentensi ingekuwa na "vipofu saba", neno saba lisingekusaidia kitu, ungelazimika kusubiri kitenzi.

Kitenzi chenyewe ni walioketi. Tukikikata tunapata wa-li-o-keti: wa- inawakilisha vipofu, -li- ni wakati uliopita, -o- ni kirejeshi, -keti ni kitendo. Kirejeshi nacho ni alama ya upatanisho, jambo ambalo wanafunzi husahau kulitaja. Hapa -o- inarejelea vipofu. Weka umoja na utaiona ikibadilika: kipofu aliyeketi. Katika A-WA, kirejeshi cha umoja ni -ye- na cha wingi ni -o-. Iweke akilini hiyo -o-, tutarudi kwake, kwa sababu ndiyo inayotega mitego mibaya kuliko yote katika sentensi hii.

Mlangoni. Mlango peke yake ni U-I: mlango umefungwa, milango imefungwa. Lakini hapa umeongezewa -ni, na -ni hiyo hubadilisha mambo. Neno sasa linataja mahali, na upatanisho wake unahamia ngeli ya mahali, PA-KU-MU. Ushahidi ni neno linalofuata: pa. Kama lingekuwa bado U-I tungesema "mlango wa nyumba". Tumesema "mlangoni pa nyumba". Ungeweza pia kusikia mlangoni kwa nyumba au mlangoni mwa nyumba, na yote matatu ni ya ngeli hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba pa huonyesha mahali mahususi panapojulikana, kwa huonyesha eneo kwa ujumla au upande, na mwa huonyesha ndani. Vipofu wetu wameketi pale pale penye mlango, basi pa imefaa.

Kiunganifu hiki kina swali linalowachanganya wengi: pa imekaa katikati ya mlangoni na nyumba, sasa inapatana na ipi? Inapatana na inayotangulia, siku zote. Kiunganifu huundwa kwa alama ya nomino ya kwanza pamoja na -a: pa na a zikawa pa, u na a zikawa wa, ki na a zikawa cha. Nomino ya pili haina usemi wowote juu yake. Badilisha nyumba kuwa viwanda, pa itabaki pa.

Kisha linakuja kundi la maneno nyumba ile kubwa. Neno ile lina alama i- na mzizi -le wa kiashiria cha mbali. Lakini i- hiyo pia hupatikana katika wingi wa U-I: miti ile. Ukiisikia "ile" tu bila nomino, huwezi kujua kama ni nyumba moja au miti mingi. Dawa ni kugeuza idadi. Nyumba ile katika wingi ni nyumba zile. Miti ile katika umoja ni mti ule. Ile ya nyumba imegeuka zile, basi ni I-ZI, na imethibitishwa na kitu kingine kisicho umbo la nyumba, kwa sababu nyumba yenyewe haibadiliki hata kidogo katika wingi.

Neno kubwa ni bubu. Halina kiambishi kinachoonekana. Wengine wakiona hivyo huandika kwamba "kubwa haipatani na kitu". Linapatana, ila kiambishi cha I-ZI ambacho ni n- hakitokei mbele ya k. Kibaya zaidi, LI-YA nayo katika umoja haionyeshi kiambishi hapo: jengo kubwa, nyumba kubwa, huoni tofauti. Ukitaka kulifanya lizungumze, badilisha kivumishi. Weka -dogo badala ya -kubwa: nyumba ndogo, lakini jengo dogo. Ile n- imejitokeza. Au geuza idadi: nyumba kubwa inabaki kubwa, jengo kubwa linakuwa majengo makubwa.

Na kubwa inaisifu nyumba au mlango? Katika sentensi hii jibu liko wazi, lakini inafaa kuona ni kwa nini. Linganisha "mlango wa nyumba kubwa" na "mlango wa nyumba mkubwa". Mpangilio wa maneno ni ule ule. Kilichobadilika ni m- moja tu, nayo imehamisha ukubwa kutoka kwenye nyumba hadi kwenye mlango. Ndiyo maana kuzitaja ngeli peke yake hakutoshi. Lazima useme pia kila kivumishi kimefungwa kwenye nomino gani.

Sasa kitenzi kikuu: waliuimba. Tukikate: wa-li-u-imb-a. Wa- ya mwanzo ni ya vipofu, kwa sababu nafasi ya mwanzo kabisa ni ya mtenda. Hii -u- iliyokaa baada ya -li- na kabla ya mzizi ni ya mtendwa, yaani kile kilichoimbwa. Ni alama ya wimbo, na imetangulia kabla wimbo wenyewe haujatajwa. Ukikata kitenzi vibaya na kuandika "wali-uimba", utapoteza alama mbili kwa mpigo.

Wimbo ndiyo nomino iliyomsitisha mwanafunzi wetu. W- yake ni u- iliyokutana na -imbo. U ikifuatwa na irabu nyingine kwa kawaida hugeuka w. Wingi wake ni nyimbo, na kitenzi kinasema nyimbo ziliimbwa. Kwa hiyo ni U-ZI. Usimchanganye na jirani yake wa herufi moja, wimbi, ambalo wingi wake ni mawimbi na upatanisho wake ni LI-YA: wimbi lilipiga, mawimbi yalipiga. Maneno mawili yanayofanana kwa macho kiasi hicho, na bado jirani zao wanayatambua mara moja.

Kivumishi kinachofuata ni mrefu, nacho hudanganya. M- yake inafanana na ya mtu mrefu na ya mti mrefu. Kiambishi cha vivumishi katika ngeli tatu, A-WA, U-I na U-ZI, ni m- ile ile kwa umoja. Mwanafunzi akiitazama m- tu, atakuwa na majibu matatu mkononi. Hatua ya kwanza ni kuleta kitenzi: mtu mrefu alionekana, mti mrefu ulionekana, wimbo mrefu ulisikika. Mtu ametoka kwenye mashindano, kwa sababu amechukua a-. Mti na wimbo bado wako sawa, wote wana u-. Hatua ya pili ni wingi: miti mirefu ilionekana, nyimbo ndefu zilisikika. Hapo wameachana. Na utaona kwamba mrefu amegeuka ndefu, r ikawa d baada ya n-, mabadiliko ya sauti ambayo huwafanya wengi waandike "nyimbo mrefu" au "nyimbo refu" katika mitihani.

Tumefika kwenye uliotufurahisha, neno refu lenye vitu vingi ndani: u-li-o-tu-furahi-sh-a. U- ni ya mtenda, -li- ni wakati, -o- ni kirejeshi, -tu- ni mtendwa, -sh- inaonyesha kusababisha. Mtenda ni nani? U- ya mwanzo wa kitenzi inaweza kuwa ya nafsi ya pili, wewe, na inaweza kuwa ya ngeli. "Ulitufurahisha" ikisimama peke yake ina maana mbili: wewe ulitufurahisha, au wimbo ulitufurahisha. Lakini hapa kirejeshi kinaamua kesi. Tungekuwa tunazungumza na mtu tungesema "wewe uliyetufurahisha", kwa -ye-, kwa sababu wewe ni mtu mmoja. Imeandikwa ulio-, basi si wewe. Ni wimbo. Ninapenda sana mfano huu kwa kuwa alama moja yenye utata imesafishwa na alama nyingine ndani ya neno lile lile, bila kulitazama neno lingine lolote.

Nayo ndiyo hiyo -o- niliyosema tutaikumbuka. Imetokea mara mbili katika sentensi yetu, katika walioketi na katika uliotufurahisha, na si ya mtu mmoja. Ya kwanza ni ya vipofu, ya pili ni ya wimbo. Kirejeshi huundwa kwa alama ya ngeli pamoja na -o: ki na o zikawa cho, li na o zikawa lo, zi na o zikawa zo. Wa na o, vilevile u na o, zote mbili zimeishia kuwa o tupu. Ndiyo maana -o- inatumika kwa wingi wa A-WA, kwa umoja wa U-I na kwa umoja wa U-ZI. Ukiandika tu "-o- ni kirejeshi" hujasema kitu. Sema ni kirejeshi cha nani.

Katika sentensi yetu ni rahisi kujua, kwa sababu mtenda na mrejelewa ni mmoja: wa- na -o- zote za vipofu, u- na -o- zote za wimbo. Shida hutokea pale mrejelewa anapokuwa mtendwa. Tazama hizi mbili:

Vipofu waliouimba wimbo huo wameondoka.
Wimbo waliouimba vipofu umekwisha.

Neno waliouimba ni lile lile, herufi kwa herufi: wa-li-o-u-imb-a. Wa- katika zote mbili ni ya vipofu na -u- katika zote mbili ni ya wimbo. Lakini -o- imehama. Katika sentensi ya kwanza inarejelea vipofu, walioimba. Katika ya pili inarejelea wimbo, ulioimbwa. Jicho haliwezi kuitofautisha. Geuza idadi uone:

Vipofu walioziimba nyimbo hizo wameondoka.
Nyimbo walizoziimba vipofu zimekwisha.

Tumegusa wimbo tu. Katika sentensi ya kwanza -o- imebaki kama ilivyokuwa, kwa sababu si yake. Katika ya pili imekuwa -zo-, kwa sababu ni yake. Ukitaka kuthibitisha kutoka upande wa pili, mgeuze kipofu badala ya wimbo: "kipofu aliyeuimba wimbo huo", lakini "wimbo aliouimba kipofu". Safari hii -o- ya kwanza ndiyo iliyobadilika kuwa -ye-, na ya pili imebaki. Kipimo ni kimoja: alama hubadilika pamoja na mwenyewe. Geuza nomino moja kwa wakati mmoja, nyingine uziache, kisha uone ni viambishi vipi vimetikisika. Ukizigeuza zote kwa pamoja, kila kitu kitatikisika na hutajua nani amemvuta nani.

Mazoezi mengi huishia kwa agizo la "andika katika wingi" na wanafunzi hulichukulia kuwa zoezi tofauti. Kwa mchambuzi ni chombo cha kazi. Hii hapa sentensi yetu, milango, nyumba na nyimbo zikiwa nyingi:

Vipofu wawili walioketi milangoni pa nyumba zile kubwa waliziimba nyimbo ndefu zilizotufurahisha sote.

Yaliyobaki vilevile yanasema mengi kama yaliyobadilika. Pa haikutikisika ingawa mlangoni imekuwa milangoni: ngeli ya mahali haina habari na umoja wala wingi wa mlango. Kubwa ni bubu kama mwanzo. Wawili na walioketi hazikuguswa kwa kuwa vipofu hawakuguswa.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Zipo nomino zisizogeuka, kama maji na sukari. Hapo hakuna wingi wa kukusaidia, nawe utategemea kitenzi cha hali moja tu: maji yamemwagika, sukari imemwagika. Kwa sababu alama haibadiliki, ngeli zake huandikwa YA-YA na I-I.

Limebaki sote, na si la ngeli kabisa. Linapatana na -tu- iliyofichwa ndani ya uliotufurahisha, yaani sisi. Mzizi ni -ote: sisi sote, ninyi nyote, wao wote. Halina umoja, ukilazimishwa kuandika "ulionifurahisha", sote inaondoka. Watu wengi husema "sisi wote" na hueleweka, lakini katika sentensi yetu, ambayo haikulitaja neno sisi, kubadilisha s ya sote kuwa w kungeleta balaa. "Wimbo mrefu uliotufurahisha wote": u na ote katika U-ZI ni wote, kama katika "nimeukariri wimbo wote". Je, tulifurahishwa sisi wote, au wimbo wote ulitufurahisha, tangu mwanzo hadi mwisho? Msomaji angebaki hapo akikisia, na kuugeuza wimbo kuwa wingi kungemtoa shakani: "zilizotufurahisha zote" ni nyimbo, "zilizotufurahisha wote" ni sisi.